Jedwali la dozi kwa boksi la AL: mtoto kilo 15 anasoma laini ya kwanza ama ya pili?

JaAhero
Wadau nisaidieni. Mimi niko Nakuru kikazi, mtoto wangu msichana wa miaka mitatu na miezi minne yuko nyumbani Ahero na mamangu. Jana usiku alichemka, leo wakampeleka dispensari akatobolewa kidole, malaria iko. Dawa ya watoto ilikuwa imeisha hapo wakaambiwa wanunue nje. Mamangu akaenda kwa kemisti fulani akauziwa stripu ya AL bila boksi, binamu yangu akaomba tu kupiga picha ya ubavu wa boksi ndio nimsomee mimi kwa watsap. Picha imekuja imepinda, flashi imeunguza juu. Ninachoona ni hiki:

```
....      0   8   24   36   48   60
5 - 15    1   1    1    1    1    1
15 - 25   2   2    2    2    2    2
25 - 35   3   3    3    3    3    3
```

Kitabu cha kliniki kinasema kilo 14.2 lakini hiyo ilikuwa miezi miwili iliyopita. Leo wamempima kwa mizani ya jirani ya kuuzia mahindi, ile ya kuning'iniza, ikasoma 15. Sasa 15 iko kwa laini zote mbili. Nimpe moja ama mbili? Na hizo namba za juu 0, 8, 24 ni nini? Bado hajapewa kitu, sai ni saa kumi na mbili na nusu jioni.

Omosh_wa_Kondele
Hiyo 8 ni kila masaa manane boss. Tembe moja kila masaa manane hadi stripu iishe. Mimi ndio nilifanyia wangu hivyo na akapona, usijisumbue na namba zingine.

MamaPacha
Kilo 14 kwa miaka mitatu ni kidogo sana!! Wangu wakiwa miaka hiyo walikuwa 17. Mwambie nyanya amsagie omena aweke kwa uji, ongeza na njugu, utaona mwezi mmoja tu ataongeza. Malaria inapenda mtoto dhaifu.

JaAhero
Mama Pacha asante lakini sijauliza uzito wake uko sawa ama hauko, nauliza dawa.

DadaWaDawa
Mimi niko kwa duka la dawa Nakuru mwaka wa tisa sasa, hiyo jedwali naisoma kila siku. Kwanza kabisa, mtoto anakunywa maji? Ananyonya kikombe mwenyewe, anakutambua, hajapata degedege, hatapiki kila kitu? Kama moja ya hizo ni mbaya wacha tembe na wacha uzi, apelekwe hospitali kubwa usiku huu, huko wanaanza na sindano.

Na Mama Pacha, 14 na kitu kwa msichana wa umri huo ni kawaida kabisa.

JaAhero
Anakunywa, analia akitaka simu ya binamu yake. Hajatapika.

DadaWaDawa
Poa. Sasa tuende polepole. Rudi kwa hiyo picha, zumu hapo katikati ya 5 na 15. Hakuna kaalama kama mdomo wa ndege kabla ya 15?

JaAhero
Ngoja... ehh kuna kitu kama doa. Nilidhani ni uchafu wa lenzi.

DadaWaDawa
Si uchafu. Kwa boksi imeandikwa `5 - <15`, halafu `15 - <25`. Hiyo alama inasema chini ya 15. Kwa hivyo 14.9 ni laini ya kwanza na 15 kamili ni laini ya pili, hakuna namba inayokaa kwa laini mbili. Ni alama ndogo, inapotea kwa picha ya flashi kila wakati na ndio watu wanakuja kuniuliza swali lako hilo hilo.

Zile za juu ni masaa kutoka dozi ya kwanza. 0 ni ile ya kwanza, 8 ni ya pili, 24 ni ya tatu. Si kila masaa manane, Omosh. Ukifanya kila masaa manane unamaliza dozi sita kwa masaa 40 badala ya 60. Tuseme anapewa ya kwanza leo saa mbili usiku, ya pili ni saa kumi alfajiri, halafu anakaa hadi kesho saa mbili usiku, kutoka hapo ni asubuhi na jioni hadi zile sita ziishe. Watu wanashtuka na hilo pengo refu la masaa 16 wanafikiri wamesoma vibaya. Hawajasoma vibaya, ndio iko hivyo.

Omosh_wa_Kondele
Lakini wangu alipona

DadaWaDawa
Nashukuru Mungu alipona. Ratiba bado ni hiyo.

MwalimuKakamega
Nauliza tu, si mngetumia umri? Mizani ya mahindi mnaiamini namna gani.

DadaWaDawa
Umri unatumika pale hakuna mizani kabisa. Lakini watoto wawili wa miaka mitatu mmoja anaweza kuwa kilo 12 na mwingine 16, hiyo ni tembe moja dhidi ya mbili. Kama kuna uzito, uzito ndio unasoma. Kuhusu mizani ya mahindi uko sahihi. Kwa gunia la kilo 90, nusu kilo hakuna anayeiona. Kwa huyu mtoto nusu kilo ndio inaamua laini. JaAhero, mtoto alipimwa na nguo? Na alikuwa kwa nini, kapu ama shuka?

JaAhero
Nimeuliza. Alikuwa na sweta na viatu, ndani ya kiondo 😅

DadaWaDawa
Haya basi hiyo 15 ni ya mtoto na kiondo. Kabla hata ya mizani nataka kitu kingine. Waambie wageuze ile stripu yenyewe, upande wa karatasi ya fedha, wakusomee namba zilizoandikwa hapo moja moja. Usikubali "imeandikwa AL". Nataka namba. Na zimebaki tembe ngapi?

FundiSimu_Kisumu
Na wapige picha upya jamani. Kila siku naona watu wanatumiana picha za dawa usiku kwa flashi, ile karatasi inang'aa inameza maandishi. Zima flashi, mtu mwingine ashike tochi kutoka upande, boksi ama stripu ilazwe mezani, simu iwe juu kabisa sawasawa si ya kuinama. Ukiinama laini za jedwali zinapanda, unaanza kwa 5 kushoto ukifika kulia uko kwa namba za laini ya chini. Halafu kwa watsap itume kama dokumenti si kama picha, ukituma kama picha inabanwa na vialama vidogo kama hicho ndio vinaenda kwanza.

JaAhero
Imekuja. Nimesoma mara tatu. Nyuma ya stripu imeandikwa `80mg/480mg`. Na tembe ziko sita tu, kubwa kubwa.

DadaWaDawa
USIMPE. Hata moja.

Sasa angalia picha ya boksi tena, kona yoyote, kuna namba ya aina hiyo?

JaAhero
Chini kwa pembeni. `20mg/120mg`.

Ngoja. Ni dawa mbili tofauti?

DadaWaDawa
Ni dawa ile ile, nguvu tofauti. Tembe ya 80/480 ni sawa na tembe nne za 20/120 ndani ya moja. Ni ya mtu mzima, anameza moja badala ya nne, ndio maana stripu yake ina sita. Mmepewa stripu ya mtu mzima na mkaonyeshwa boksi la tembe ndogo. Jedwali la boksi linahesabu tembe za boksi hilo pekee. Lile "1" kwa laini ya kwanza ni tembe moja ya 20/120, si tembe yoyote ya AL unayokuta mkononi.

Ungesoma laini ya pili ukampa mbili kati ya hizo, ungempa sawa na tembe nane za watoto kwa mkupuo mmoja. Dozi ya mtu mzima mara mbili.

JaAhero
Mikono inatetemeka. Mamangu alikuwa ashaweka maji kwa kikombe.

MamaPacha
Uiii Mungu wangu. Hii imenikumbusha. Pacha wangu mmoja akiwa na kilo 11 tulikuwa na karatasi ya dawa ya homa kwa friji, imeandikwa mili 5. Baba watoto akanunua ile ya matone kwa sababu kemisti hakuwa na ya chupa kubwa, akampa mili 5 vile vile. Kumbe ile ya matone ni miligramu 100 kwa kila mili moja na ile ya chupa ni 120 kwa mili tano zote. Alikunywa 500 badala ya 120! Tulikimbia naye hospitali na boksi mkononi, wakamwangalia hadi asubuhi wakasema yuko sawa. Tangu siku hiyo hakuna karatasi kwa friji.

DadaWaDawa
Mama Pacha hapo ndipo penyewe. Na mlifanya vizuri kubeba boksi.

Omosh_wa_Kondele
Basi si akate. Kama kubwa ni ndogo nne, mtoto wa kilo 15 anataka mbili, apewe nusu. Akiwa chini ya 15 apewe robo. Hesabu rahisi, hakuna haja ya kutembea usiku.

DadaWaDawa
Hesabu yako iko sawa safari hii. Shida ni kisu. Robo ya tembe isiyo na mstari wa kukatia haitoki robo, inatoka kipande na unga, kipande kimoja kikubwa kingine kidogo, na unafanya hivyo mara sita kwa siku tatu ukiwa na nyanya anayeona kwa shida. Mimi singemwambia mtu afanye hivyo kama kuna njia nyingine. JaAhero kijijini hakuna mhudumu wa afya ya jamii? Upande huo wa Kisumu wengi wanabeba kipimo cha malaria na AL ya watoto kwa begi.

MwalimuKakamega
Na kama hakuna? Nauliza kwa dhati, mimi niko mahali kemisti ni kilomita 12 na usiku hakuna pikipiki. Mtoto akae na malaria hadi asubuhi ama apewe hiyo nusu iliyokatwa vibaya?

DadaWaDawa
Mwalimu, hilo silijibu kwa uzi. Piga simu ya kliniki iliyompima, anayemjua mtoto ndiye aamue. Kuna mtu atakuambia kata, kuna mtu atakuambia ngoja, na wote wana sababu.

Omosh_wa_Kondele
Mimi ningekata.

JaAhero
Yuko mhudumu, ni mama wa boma la tatu. Binamu ameenda kumwita. Nitawarudia.

JaAhero
Amekuja. Ana ile mizani ndogo ya betri ya kusimama juu. Amemvua sweta na viatu, akampima mara mbili. 14.6 mara ya kwanza, 14.6 mara ya pili. Ana pakiti ya watoto, stripu ya tembe sita ndogo, nyuma imeandikwa `20mg/120mg`, nimeomba picha na nikasoma mwenyewe.

DadaWaDawa
Sasa jedwali lako linaongea. 14.6 ni chini ya 15, laini ya kwanza, tembe moja kila dozi, sita kwa jumla. Pakiti yenyewe ina sita, kwa hivyo pakiti na jedwali zinakubaliana. Hiyo ni njia moja ya kujikagua: ukizidisha tembe za dozi moja mara sita na hailingani na idadi iliyo kwa pakiti ya mtoto, umesoma laini mbaya ama una pakiti mbaya.

MamaPacha
Lakini 14.6 si ni kama 15 tu? Amebakisha gramu 400. Mimi ningempa mbili ndio malaria iishe vizuri, moja naona ni kidogo kwa mtoto mkubwa hivyo.

DadaWaDawa
Watu wengi wanafikiri hivyo na si ujinga, kwa sababu mruko ni mkubwa, kutoka moja hadi mbili hakuna moja na nusu katikati. Angalia hivi. Kozi nzima ya tembe sita ina miligramu 120 za atemetha, ile 20 ya kwanza kwa `20mg/120mg` mara sita. Mtoto wa kilo 5 anapata 24 kwa kila kilo ya mwili wake. Huyu wa 14.6 anapata kama 8. Wote wako kwa laini moja. Kiwango kinachokubalika cha kozi nzima kinaanzia 5 hadi hizo 24, kwa hivyo 8 iko ndani, si kidogo ya kutisha. Lakini ni kweli mtoto mzito wa laini hiyo anapata kidogo kwa kila kilo kuliko mwepesi. Hiyo haimaanishi umwongeze. Inamaanisha huyu si wa kukosa dozi, na si wa kumeza tumbo likiwa tupu, kwa sababu ile lumefantrini, dawa ya pili ndani yake, inaingia mwilini vizuri ikikutana na mafuta. Ampe na maziwa, ama uji wenye maziwa, ama parachichi, chochote chenye mafuta kidogo.

MamaPacha
Sawa nimeelewa. Bado naona wangeweka tembe moja na nusu.

JaAhero
Mhudumu ameyeyusha kwa kijiko na maji. Ni ile ya kuyeyuka, amesema mili 10 hivi inatosha. Amekunywa saa mbili usiku na chai ya maziwa juu yake. Nimeandika kwa karatasi: saa kumi alfajiri, halafu kesho saa mbili usiku.

JaAhero
Wadau ametapika. Dakika 20 hivi baada ya dawa. Yote, na chai.

DadaWaDawa
Ndani ya nusu saa unarudia dozi nzima. Mpe apumzike dakika kumi kwanza, maji kidogo kidogo, halafu tembe nyingine moja, polepole kwa kijiko. Mhudumu bado yuko?

JaAhero
Yuko, amesema hivyo hivyo. Amepewa saa mbili na nusu. Sasa hesabu ya saa naanzia wapi?

DadaWaDawa
Anzia ile iliyokaa tumboni. Saa mbili na nusu usiku, kwa hivyo ya pili ni saa kumi na nusu alfajiri. Dakika chache hivi ama vile haziharibu kitu, lakini usiruke ile ya alfajiri kwa sababu mtoto amelala. Na akitapika hii pia, asirudiwe ya tatu nyumbani, aende hospitali.

Omosh_wa_Kondele
Na ile stripu kubwa irudishwe kwa kemisti pesa irudi.

JaAhero
Binamu ataipeleka kesho. Nimemwambia aipige picha kwanza pande zote mbili, na boksi walilomwonyesha.

FundiSimu_Kisumu
Bila flashi.

JaAhero
Bila flashi 😂 Saa nne kasorobo sasa, hajatapika tena, amelala. Mamangu ananiambia stripu imebaki na tembe nne.

DadaWaDawa
Zinatakiwa tano. Ile iliyotapikwa ilikula moja ya pakiti. Mwambie mhudumu kabla hajalala aache tembe moja ya ziada ya 20/120, la sivyo dozi ya sita, ile ya siku ya mwisho asubuhi, haitakuwepo na nyanya ataona stripu imeisha adhani amemaliza.

JaAhero
Nampigia sasa hivi.

MwalimuKakamega
Swali langu la kilomita 12 bado liko hapo juu, kama kuna daktari anasoma.

JaAhero
Mhudumu ameacha moja kwa karatasi ya gazeti, mamangu ameifunga na stripu kwa mpira. Nimeweka kengele ya saa kumi na dakika ishirini.